Kukonfemu wageni wa harusi kabla ya kupeleka namba kwa mpishi: grupu la WhatsApp, meseji yenye linki, au simu?

Wale walioshika kamati ya harusi hapa Dar wanajua hiki kipindi, zimebaki siku kumi hivi, kadi zimeshatoka, michango bado inadondoka kidogo kidogo, halafu mpishi anapiga simu anauliza "nipikie watu wangapi?" na kikao kizima kinamgeukia katibu. Katibu anafungua daftari anasoma idadi ya kadi. Singo mia, dabo themanini, kwa hiyo watu 260, mpe hiyo. Na hapo ndipo hela inapoanza kumwagika au chakula kinapoanza kupungua, maana idadi ya kadi na idadi ya watu watakaokaa mezani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mfumo wetu wenyewe ndio unachanganya. Mtu ameahidi laki, amelipa laki, amepewa kadi ya dabo, ila siku yenyewe mume yuko Dodoma kikazi, mama anakuja peke yake. Mwingine amechanga kwa heshima ya undugu tu, yuko Mwanza na hana mpango wa kusafiri, lakini kadi katumiwa. Mwingine hajalipa hata mia ila ni mjomba, huyo anakuja na wajukuu wawili na hakuna wa kumzuia mlangoni. Sasa ukiuliza "je unakuja?" wote watatu watakujibu Mungu akipenda tupo pamoja.

Kwa hiyo kazi ni kuuliza, kuweka siku ya mwisho, na kupata jibu linaloweza kuandikwa kama namba. Njia watu wanazotumia kweli ni tatu: kutangaza kwenye grupu la WhatsApp la michango, kutuma meseji moja moja yenye linki ya fomu au namba ya kujibu, na kupiga simu. Hizi kadi za kidijitali zenye kale kamraba ka QR ka kuskani mlangoni sizihesabu hapa, kwa sababu ukiskani unajua nani ameingia, na muda huo wali umeshaiva. Kama kadi yako ya kidijitali ina kitufe cha "nitakuja / sitakuja" basi iweke kwenye kundi la linki, tabia zake ni zilezile.

Kabla ya kuchagua, muulize mpishi

Ukiruka hatua hii hutajua uchague nini. Kuna wapishi wanaochaji kwa sahani, yaani kwa kichwa, na kuna wale ambao nyie mnanunua mchele, nyama, viungo, mafuta, kuni au gesi, wao wanakuja na masufuria na watu wao mnawalipa ufundi. Kwa huyu wa pili namba ikiyumba kidogo haiumi sana. Kwa hesabu ya jikoni, kilo moja ya mchele inalisha kama watu wanane, kwa hiyo mkikosea watu hamsini mnazungumzia kilo sita au saba za mchele pamoja na nyama yake, inauma ila haivunji kamati. Kwa mpishi wa sahani, watu hamsini ni hamsini mara bei ya sahani, na hela hiyo hairudi.

Kwa huyo wa sahani ulizeni mambo matatu na yaandikwe kwenye mkataba. Namba ya mwisho anaitaka siku gani na saa ngapi. Baada ya hapo mnaweza kuongeza wangapi, na mnaweza kupunguza au ndio basi (wengi ni ndio basi). Na chakula kikibaki ni cha nani, maana kuna wanaoondoka nacho na kuna wanaowaachia, msije mkaanza kuvutana na mtu wa jikoni saa sita usiku.

Vinywaji havina presha hii. Kreti za soda ambazo hazijafunguliwa mkikubaliana na muuzaji mapema zinarudishwa, ndiyo maana kamati ya vinywaji huwa wanalala vizuri kuliko kamati ya chakula.

Grupu la WhatsApp

Hii ndio rahisi kuliko zote na ndio maana kila mtu anaanza nayo. Grupu lipo tayari, watu wamo tangu kikao cha kwanza, unatupia tu: "Wapendwa, tunaomba mkonfemu kabla ya Jumapili saa 2 usiku, nakili orodha, ongeza jina lako na idadi." Ndani ya saa moja una majina ishirini na unaona mambo yanakwenda.

Halafu yanasimama. Waliojibu ni walewale wanaojibu kila kitu kwenye grupu, wenye kuitikia amina na kuweka vimikono. Wengine wamelizima sauti tangu wiki ya pili baada ya zile meseji za "tukumbushane ahadi zetu", na wanaodaiwa ndio hawafungui kabisa, maana kila wakifungua wanakutana na jina lao kwenye orodha ya ambao hawajamaliza. Hapo unamuuliza mtu kuhusu chakula kwenye chumba anachokikimbia kwa sababu ya hela.

Ubaya wa pili ni wa kiufundi na wengi hawaushtukii. Orodha ya kunakili na kubandika inapoteza watu. Shangazi ananakili orodha yenye majina 31 anaongeza lake la 32, sekunde hizohizo jirani naye ananakili ileile yenye 31 anaongeza lake, naye anakuwa wa 32. Atakayefuata ananakili ya chini, basi shangazi kapotea na hakuna aliyemfuta. Dalili yake ni rahisi kuiona ukiitafuta, namba moja inatokea mara mbili ukipandisha juu. Ukiona hivyo usiiamini orodha ya mwisho, pitia zote toka mwanzo uchukue majina kwa mkono.

Kura za WhatsApp zinatibu hilo tatizo kwa sababu kila mtu anagusa mwenyewe na jina lake linaonekana, ila lazima uziweke vizuri. Ukiweka "Nakuja / Siji" umehesabu simu badala ya watu. Weka "Tunakuja 2", "Nakuja 1", "Sitaweza", na uzime ile ya kuchagua majibu mengi la sivyo kuna watakaogusa yote mawili. Pia kumbuka mke na mume wenye kadi moja ya dabo wote wamo kwenye grupu, kila mmoja atagusa "Tunakuja 2", hapo tayari umeshawapikia wanne.

Na kuna jambo la aibu. Kwenye grupu mtu hawezi kuandika "siji" mbele ya mama wa bibi harusi. Anakaa kimya. Kwa hiyo grupu linakupa ndiyo nyingi na hapana karibu sifuri, na wewe uliyekuwa unazitafuta ni zile hapana, maana ndizo zinapunguza sahani.

Meseji ya mtu mmoja mmoja, yenye linki au namba ya kujibu

Hapa mtu anaulizwa peke yake, hakuna anayemwona, kwa hiyo hapana zinaanza kutoka. Hii ndio faida kubwa kuliko hata hiyo ya majibu kujipanga yenyewe kwenye jedwali.

Njia mbili ndani yake. Ya kwanza ni fomu ya Google, unatengeneza bure, maswali matatu tu: jina kama lilivyo kwenye kadi, mko wangapi (2, 1, 0), na namba ya simu. Usiongeze la nne. Ukianza kuuliza "unakula mboga tu?" na "utakuja na usafiri wako?" watu wanaacha katikati. Majibu yanaingia kwenye jedwali, na kama idadi ipo kwenye safu ya C jumla unaipata hivi:

```
=SUM(C2:C)
```

Usiwashe ile ya kuzuia mtu asijibu mara mbili, kwa sababu inamlazimisha aingie kwanza kwenye akaunti ya Google na wengi nywila hawazikumbuki, wataghairi. Bora wajibu mara mbili uwapange kwa namba ya simu ufute zinazojirudia, unachukua jibu la mwisho.

Fomu inafaa sana kwa wageni wa nje, walio Muscat, London, Minnesota, na kwa vijana wa ofisini. Kwa bibi mwenye kiswaswadu haipo, na kwa mtu ambaye bando limeisha pia haipo mpaka aunge, na akiunga ameshasahau.

Njia ya pili ni meseji ya kawaida ya kumtaka ajibu kwa namba. Inaingia kwenye simu yoyote, haitaki bando. Ila hapa kuna mtego ambao kamati nyingi zinauingia. Mkinunua meseji za jumla zile zinazotokea na jina badala ya namba, mfano mtumaji anaonekana HARUSI, mgeni hawezi kuijibu. Ile ni ya njia moja. Anaandika "2" anabonyeza tuma, haifiki popote, yeye anaamini amejibu na nyie mnamwandika hajajibu. Kwa hiyo ndani ya meseji lazima iwemo namba ya simu ya kutumia jibu, au linki.

La pili ni urefu. Meseji moja ni herufi 160 pamoja na nafasi, ukipita unalipia mbili. Na ukiweka kijiua au kikopa hata kimoja tu, kikomo kinashuka hadi 70, kwa hiyo meseji ileile uliyoihesabu moja inakuwa tatu kwa kila mgeni. Acheni maua, mapambo yatakuwa ukumbini. Hii inaingia ndani ya 160 vizuri tu:

```
Habari. Harusi ni Jmosi 14/6 saa 12 jioni. Kadi yako ni DABO. Chakula kinapangwa, jibu kabla ya Jpili saa 2 usiku: mtakuwa 2, 1 au 0? Tuma 07XXXXXXXX
```

Angalia vitu vilivyomo. Tarehe imeandikwa kwa sababu "Jumamosi ijayo" kila mtu ana yake. Kadi yake imetajwa ili asije akajibu "tupo watano". Sababu imetajwa, chakula, na hii inasaidia kuliko maneno matamu yoyote, maana kila Mtanzania ameshawahi kuona bufee limeishiwa nyama meza za nyuma. Na jibu ni tarakimu, hakuna mahali pa kuweka Inshallah.

Kwa kundi lenye watu mchanganyiko usitegemee wote wajibu. Ukipata nusu mpaka siku ya mwisho uliyotaja, umefanikiwa vizuri tu.

Simu

Simu inachosha, inakula vocha, na hakuna inayoifikia kwa usahihi. Unasikia sauti ya mtu. "Nakuja" ya kweli na "nakuja" ya kukuridhisha hazifanani, ukipiga kama kumi tu unaanza kuzitofautisha.

Lakini lazima ujue namna ya kuuliza, la sivyo utapiga simu themanini na urudi na baraka themanini. Ukiuliza "mama, mtakuja?" hakuna mama atakayekwambia hapana. Uliza kitu cha kuandika. Inakwenda hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"
"Hatujambo mama. Napiga kutoka kamati ya harusi, nipo hapa na karatasi ya meza. Kadi yenu ni ya wawili. Niandike wawili au mmoja?"
"Eeh, andika tu wawili... ila baba yenu ana safari, sijui kama atakuwa amerudi."
"Basi niandike mmoja, akirudi aje, kiti hakikosi?"
"Hapo sawa mwanangu, andika mmoja."

Hiyo ni sahani moja imeokolewa na mama amefurahi, hakuna aliyemnyima baba kuja. Ile "niandike" ndio inafanya kazi, inamtoa kwenye kuahidi inampeleka kwenye hesabu.

Nani apige pia ni jambo. Wengi wanawapa kazi hii mama wadogo na mashangazi kwa sababu wanajuana na wageni. Mimi naona ni kosa. Mtu hawezi kumwambia mama mdogo wa bibi harusi kwamba haji, atamdanganya kwa upendo kabisa. Ampigie kijana wa kamati asiyejulikana sana, mwenye adabu, shikamoo zake ziko mahali pake, huyo anaambiwa ukweli. Isipokuwa kwa wazee wa ukoo, hao wapigiwe na mtu wa ukoo, wakipigiwa na mtoto wasiyemjua watauliza kwani wazazi wako wako wapi na simu itakuwa ya nusu saa.

Wakati mzuri ni jioni kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 3 usiku. Simu moja na salamu zake ni dakika mbili tatu, wengine hawapokei unarudia. Mkiwa watu watano na majina chini ya mia ni kazi ya jioni mbili. Mkiwa na majina mia mbili na mpigaji ni katibu peke yake, hiyo njia haipo, msijidanganye.

Anayekaa kimya mnamhesabu vipi?

Hili swali ndilo linaamua kuliko njia yenyewe, na kikao kikubaliane kabla ya meseji kutoka. Nchi za wenzetu asiyejibu hana kiti, imeisha. Hapa huwezi. Mtu amelipa laki, anayo kadi mkononi, akifika mlangoni anaambiwa hukukonfemu? Hiyo harusi itasemwa mpaka ubatizo wa mtoto wa pili. Kwa hiyo aliyemaliza mchango akikaa kimya anahesabiwa anakuja, na kwa idadi kamili ya kadi yake. Asiyechanga au aliyepewa kadi ya heshima akikaa kimya na simu hapokei, anahesabiwa haji, na akija anakula kwenye ile ziada mtakayokuwa nayo. Wazee wa ukoo na viongozi wa dini wao wanahesabiwa kila siku, hata wasipopokea.

Na siku ya mwisho ziwe mbili. Moja ya wageni, moja ya mpishi, katikati muwe na siku mbili za kupiga simu. Mpishi akitaka namba Jumatano saa 6 mchana, wageni waambiwe Jumapili saa 2 usiku. Ukiwaambia wageni Jumatano, utakuwa unapokea majibu huku mpishi yuko sokoni.

Mfano, kadi 180

Tuchukue ile kamati ya mwanzo. Singo 100, dabo 80, watu 260. Mpishi ni wa sahani, tuseme 20,000. Namba Jumatano saa 6, baada ya hapo wanaweza kuongeza kumi, kupunguza hakuna. Meseji zimetoka Alhamisi ya wiki ya nyuma, na linki ikatupwa kwenye grupu vilevile.

Mpaka Jumapili usiku zimejibiwa kadi 92. Kadi 12 wamesema hawaji. Zilizobaki 80 ni singo 46 na dabo 34, ambazo zingekuwa watu 114, lakini dabo sita wanakuja mmoja mmoja, kwa hiyo 108. Kadi 88 kimya.

Jumatatu na Jumanne watu watano wanapiga hizo 88. Wanapatikana 70. Kumi hawaji. Sitini wanakuja, singo 34 na dabo 26, watu 86, ila baada ya ile "niandike wawili au mmoja" dabo nane zimegeuka mmoja, zimebaki 78. Jumla imefika 186.

Kadi 18 hazikupatikana kabisa. Daftari la mweka hazina linaonyesha 12 wamemaliza mchango, singo nne na dabo nane, hao ni watu 20, wanahesabiwa wote. Sita hawajachanga, hawahesabiwi. Tupo 206.

Sasa wale wanaosahaulika kila mara kwa sababu hawana kadi. Maharusi wenyewe wawili, wasimamizi wawili, wazazi wanne wa pande zote, nane. Na watu wa kazi: MC na msaidizi wake, DJ wawili, watu wa picha na video wanne, matarumbeta wanane, madereva wanne, walio mlangoni wanne, jumla 24. Hawa wanakula, na matarumbeta wanakula kwelikweli. 206 na 8 na 24 ni 238.

Wangetumia kadi peke yake wangepeleka 260 na hao 32, yaani 292. Tofauti ni sahani 54, kwa 20,000 ni 1,080,000. Gharama ya kuipata ni meseji 180, vocha za jioni mbili na uvumilivu wa vijana watano.

Kuna watakaosema waliosema ndiyo nao wengine hawatakuja, tupunguze tena. Msipunguze. Nafasi za hao zinajazwa na watoto walioambiwa hawaruhusiwi na wanakuja hivyohivyo, na dereva wa bodaboda aliyemleta bibi akabaki.

Sasa uchague ipi

Kama shughuli ni ndogo, tuseme chini ya watu 80, sendoff ya nyumbani au kipaimara, ruka yote nenda kwenye simu moja kwa moja. Jioni moja imeisha na namba ni safi.

Kama ni harusi ya kadi mia na kuendelea, anza na meseji, maliza na simu kwa waliokaa kimya tu. Hii ndio ningeichagua mimi kila mara na ndio mfano niliouweka. Grupu la WhatsApp libaki la kukumbushia, "mliotumiwa meseji jibuni kule", majibu yanayodondoka humo katibu ayahamishe kwenye jedwali lilelile, pasiwe na orodha mbili. Orodha mbili ni mbaya kuliko kukosa orodha.

Kama kamati haina watu wa kupiga simu, au mmebakiza siku nne, basi meseji peke yake na kanuni ya mchango kwa waliokaa kimya. Namba itakuwa juu kidogo ya ukweli, mtalipa sahani kadhaa za bure, ila hamtaaibika. Grupu peke yake nisingelitegemea kwa mpishi wa sahani. Kwa mpishi wa kilo, sawa, linatosha.

Na kama ni walima wa Kiislamu wa pwani, wa kualikana mdomo kwa mdomo na kula kwa sinia, hii habari yote ya kukonfemu iacheni. Sinia la watu watano linakula sita bila mtu kujua, anayepita njia anakaribishwa, na ukimwandikia meseji mzee wa mtaa ajibu 2, 1 au 0 atakuona una matatizo. Pale wanahesabu masinia, na mpishi mzoefu wa mtaa huo anajua nyumba ile ikialika wanakuja wangapi.

Mkishapeleka namba, mtu mmoja tu abaki na mamlaka ya kuongea na mpishi. Wanaojibu Alhamisi na Ijumaa wanaandikwa kwenye zile nafasi kumi za nyongeza mpaka ziishe. Zikiisha, muongee na mpishi aweke mtu wa kugawa kwenye sufuria la nyama na la kuku tangu meza ya kwanza, vipande viwili kila sahani, wali na mboga watu wajipakulie. Hiyo mfanye mapema kabla ya MC kuanza kuita meza, kwa sababu ukiona mgawaji kashuka kutoka vipande viwili hadi kimoja kwenye meza ya kumi na mbili, ujue za nyuma kule wanakula wali na mchuzi.